Insha imezidi maneno 640: nikate aya nzima au nibane kila sentensi?

Binti Nyegezi · Jumanne, saa 2:14 usiku

Mwangaluka wakuu.

Nipo mwaka wa pili, nasoma ualimu wa Kiswahili hapa Mwanza. Tumepewa insha ya kozi, swali lenyewe ni hili: "Jadili kwa nini udhibiti wa magugu maji katika Ziwa Viktoria umekuwa mgumu." Kikomo ni maneno 1,500, marejeo ya mwisho hayahesabiwi. Yangu imefika 2,140 na sijaongeza maji, nimeandika niliyosoma.

Mkufunzi wetu hana maneno mengi. Kasema ukizidisha, yeye anasoma hadi neno la 1,500 halafu anaweka kalamu chini. Kwa hiyo nikiiacha hivi ilivyo, hitimisho halisomwi, na aya mbili za kabla yake ndizo nilizozihangaikia kuliko zote.

Ninayekaa naye chumba kimoja anasema nifute aya tatu nilale. Mwingine anasema aya usiguse, bana sentensi moja baada ya nyingine mpaka ifike. Nimejaribu kubana utangulizi tu, saa nzima imeisha na nimepunguza maneno 31. Tunakusanya Ijumaa. Nishaurini.

Kamanga Feri · Jumanne, saa 2:31 usiku

Dada, aya usikate. Kila aya ni hoja na kila hoja ina alama yake. Ukifuta aya umefuta alama kwa mkono wako mwenyewe.

Bana sentensi. Watu hawajui Kiswahili chetu cha ofisini kimejaa mafuta kiasi gani. "Ni muhimu kutambua kwamba", futa. "Suala zima la uvuvi", andika uvuvi. "Kufanya uchunguzi" ni kuchunguza, "kutoa maelezo" ni kueleza, "kuleta athari kwa wavuvi" ni kuwaathiri wavuvi. "Wavuvi ambao wanaishi Ukerewe" ni wavuvi wanaoishi Ukerewe, hapo neno moja limeondoka na maana iko palepale. Insha ndefu kama yako ina "amba" hamsini, nakuhakikishia.

Mimi ripoti ya mafunzo kwa vitendo niliibana hivyohivyo na ilipita.

Toto la Kirumba · Jumanne, saa 2:40 usiku

Weka fonti 11 na upunguze pambizo. Nilifanya hivyo kidato cha sita, kurasa sita zikawa tano.

Binti Nyegezi · Jumanne, saa 2:43 usiku

@Toto la Kirumba kaka, ni maneno, siyo kurasa 😅

Toto la Kirumba · Jumanne, saa 2:47 usiku

Aaah. Basi unganisha maneno kwa mkwaju. "wavuvi/wachuuzi/wasindikaji" kompyuta inahesabu neno moja. Ukiweka kumi za hivyo umeokoa ishirini bila kufuta kitu.

Mzee wa Habari · Jumanne, saa 3:05 usiku

Nimekaa dawati la habari miaka mingi. Kule hatuna muda wa kubana sentensi, gazeti linaenda mtamboni. Habari ikizidi unakata kutoka chini kwenda juu. Aya ya mwisho inakwenda, ya pili kutoka mwisho inakwenda, mpaka nafasi itoshe. Habari iliyoandikwa vizuri inavumilia kukatwa mkia.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa aya. Sentensi ni za mtu mwenye wiki nzima.

Bi Pasiansi · Jumanne, saa 3:38 usiku

Habari zenu. Nasahihisha insha za namna hii muhula hadi muhula, naomba niseme kidogo.

Mzee wa Habari, shikamoo. Habari ya gazeti inavumilia kukatwa mkia kwa sababu imeandikwa kikubwa kikiwa juu na kidogo kikiwa chini. Insha ya kujadili inakwenda kinyume, mwanafunzi anajenga, na hoja yake nzito mara nyingi ipo karibu na mwisho. Binti mwenyewe ametuambia kwamba aya alizozihangaikia ziko huko chini. Ukimkata mkia umemkata jibu.

Wewe wa mkwaju, msahihishaji ana macho. Akiona maneno matatu yamefungwa pamoja mara kumi anajua unafanya nini, na kuanzia hapo anaisoma insha yako akiwa na mashaka.

Sasa binti, kabla ya kuchagua upande, piga hesabu. Maneno 640 katika 2,140 ni kama asilimia 30. Maana yake kila sentensi yako ya maneno 20 ibaki na 14, bila kukosa hata moja. Sentensi zenye mafuta mengi zinaweza. Lakini zipo ambazo tayari ni nyembamba, zina mwaka, jina la mto na kitenzi, ukizibana zinavunjika mfupa. Kwa insha za wanafunzi ninazoziona, kubana peke yake kunatoa kama sehemu moja ya kumi, ukijitahidi sana sehemu moja na nusu. Zaidi ya hapo insha inaanza kusomeka kama ujumbe wa simu. Kwa hiyo kuna aya lazima ziguswe, na @Kamanga Feri atanisamehe.

Ila zipi, siwezi kusema bila kuziona. Tuwekee orodha ya aya zako. Kila aya andika inasema nini kwa mstari mmoja, na ina maneno mangapi. Usiandike inahusu nini. Andika inasaidia vipi kujibu swali. Ukishindwa kuandika mstari huo, acha wazi.

Binti Nyegezi · Jumanne, saa 4:20 usiku

Asante mwalimu. Hii hapa, nimehesabu kwa kuichagua aya moja moja na kuangalia Word Count:

1. Utangulizi: magugu maji ni tatizo na nitajadili kwa nini ni gumu. 230
2. Ziwa lenyewe: ukubwa, nchi tatu, mito inayoingia, Speke kufika hapa Mwanza 1858. 210
3. Magugu yalikotoka: asili yake Amerika Kusini, yakaingia ziwani kwa Mto Kagera, yakaonekana mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. 190
4. Yanavyozaliana: yanachipua machipukizi pembeni, na mbegu zinakaa kwenye tope miaka mingi zikiwa hai. Ndiyo sababu ukiyatoa yanarudi. 220
5. Athari kwa wavuvi na vyombo vya usafiri. 260
6. Athari kwa afya: mazalia ya mbu, konokono wa kichocho. 180
7. Kung'oa kwa mikono kulivyokwama. 200
8. Mashine zilivyokwama. 160
9. Wadudu, wale mbawakavu wa jamii ya Neochetina: walisaidia lakini magugu hayakwisha. 210
10. Rutuba inayoingia ziwani kutoka mashambani na mijini inayalisha magugu kila siku. 150
11. Hitimisho. 130

Ya 2, 5 na 6 nimeshindwa kuandika zinasaidia vipi. Nimeandika zinahusu nini tu. Sasa ndiyo naona.

Kamanga Feri · Jumanne, saa 4:26 usiku

Hiyo ya 5 ukiifuta umefuta watu. Insha ya magugu maji bila mvuvi wa Mwaloni ni insha gani?

Bi Pasiansi · Jumanne, saa 4:58 usiku

Kamanga, swali halikuuliza magugu yanaumiza nani. Limeuliza kwa nini kuyadhibiti kumekuwa kugumu. Mvuvi anaweza kuingia, lakini kama sehemu ya sababu.

Binti, orodha yako imekwishajibu. Nitakwenda nayo pole pole kwa sababu wengi wanakosea katika kukata kwenyewe, si katika kuchagua.

Aya ya 2 inaondoka yote. Msomaji wako anaishi Mwanza, ziwa analiona akiwa kwenye daladala. Maneno 210 yamekwenda. Lakini kabla ya kuifuta, soma aya zilizobaki ukitafuta chochote kinachoiegemea. Nina hakika kipo, kwa sababu umeniambia aya ya 2 inataja mito na aya ya 3 inataja Kagera. Kama aya ya 3 inasema "mto uliotajwa hapo juu", baada ya kukata itakuwa inaelekeza mahali ambapo hapapo. Vivyo hivyo vifupisho. Kifupisho ukikifafanua katika aya inayofutwa, kinabaki huko mbele kikiwa uchi. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote katika insha zilizokatwa aya. Naliona "kama tulivyoeleza" na hakuna mahali palipoelezwa, na papo hapo najua mwanafunzi alikata usiku wa kuamkia kukusanya.

Aya ya 6 nayo inaondoka, 180. Kichocho ni habari kubwa kwa watu wa huku lakini si sababu ya magugu kutodhibitika.

Aya ya 5 usiifute, ikunje. Chukua sentensi mbili, maneno kama 50, uziingize mwisho wa utangulizi ili msomaji ajue kwa nini tunajisumbua na magugu haya. Umepunguza 210 nyingine, na Kamanga mvuvi wake kabaki.

Jumla umetoa 600, umebaki na 1,540. Bado 40 tu. Ungeweza kubana kidogo ukaenda kulala. Mimi nisingefanya hivyo. Tazama aya ya 10. Ndiyo sababu ya ndani kuliko zote. Unaweza kung'oa, kusaga, kuweka wadudu, lakini maadamu rutuba inaingia, magugu yanalishwa. Na hiyo ndiyo umeipa maneno 150, pungufu ya uliyompa Speke na ukubwa wa ziwa. Iongezee 100. Weka pia maneno kama 15 ya kuziba matundu ya aya zilizotoka. Sasa uko kwenye 1,655, na unachotakiwa kubana ni 155, chini kidogo ya sehemu moja ya kumi. Hapo ushauri wa Kamanga unafanya kazi yake sawasawa, sentensi ya maneno 20 inabaki na 18.

Na utaratibu uwe huo huo: aya kwanza, sentensi baadaye. Ukianza na sentensi utatumia usiku kusugua aya ya 6 mpaka ing'ae, asubuhi uje uifute. Halafu kuna jambo la moyoni, aya uliyoisugua kwa saa nzima hutaki kuitupa hata kama haina kazi.

Dagaa Kauzu · Jumatano, saa 1:12 asubuhi

Nasoma uzi huu nikiwa kazini, nipo kwenye mambo ya uvuvi na mazingira ya ziwa. Kwa uandishi simwezi mwalimu, lakini kwa magugu nina la kusema.

Moja, aya ya 7 na ya 8 ziunganishe. Mikono na mashine zimekwama kwa sababu ileile. Unatoa mzigo mzito uliojaa maji, unatakiwa kuupeleka mahali, na nyuma yako vipande na mbegu vinaanza upya. Mashine inaongeza lake, kwamba ikikatakata na kuacha majini, vipande vyenye chipukizi vinaweza kuota tena na vingine vinaoza na kula hewa ya maji. Binti amelisema la kwanza mara mbili, nina uhakika, mara moja kwa mikono na mara moja kwa mashine.

Mbili, mwalimu ameikata aya ya 6 haraka. Ukisema magugu yanaleta konokono na mbu na nyoka, hiyo nayo ni sababu ya ugumu. Watu wanaogopa kuingia majini kung'oa. Kazi ya mikono inakosa watu. Kwa hiyo afya inajibu swali.

Tatu, aya ya 9, angalia sana unavyoibana. Nitarudi kwa hiyo.

Bi Pasiansi · Jumatano, saa 1:40 asubuhi

La kwanza nimelikubali na sikuliona. Kuunganisha aya mbili kunaokoa kwa sababu kila aya ina mlango wake na kizingiti chake. Kuna sentensi ya "njia nyingine iliyotumika ni" na kuna sentensi ya "hivyo basi njia hii haikufua dafu". Ukiziunganisha mlango mmoja unaondoka, na sababu inasemwa mara moja. Katika 360 atabaki na kama 270. Akifanya hivyo, kazi ya kubana inabaki ya maneno 65 tu.

La pili, ni kweli kama yeye ndivyo alivyoiandika. Binti, aya yako ya 6 inasema watu wanaogopa kuingia majini?

Binti Nyegezi · Jumatano, saa 1:55 asubuhi

Hapana mwalimu. Inasema magonjwa yameongezeka basi.

Bi Pasiansi · Jumatano, saa 2:03 asubuhi

Basi inaondoka. Wazo la Dagaa ni zuri lakini ni la Dagaa. Likiingia, liingie kama sentensi moja ndani ya aya mpya ya mikono na mashine, tena uwe na chanzo chake.

Dagaa Kauzu · Jumatano, saa 2:10 asubuhi

Mimi ningeiacha na kuigeuza. Tutofautiane hapo.

Mzee wa Habari · Jumatano, saa 4:30 asubuhi

Marahaba Bi Pasiansi. Naona mantiki. Lakini hitimisho la maneno 130 kwa insha ya 1,500 si refu? Kwetu hitimisho halipo kabisa.

Kamanga Feri · Jumatano, saa 6:15 mchana

Haya, nimekubali aya kidogo. Binti, leta sentensi moja ya aya ya 9 nikuonyeshe kubana kunavyokwenda.

Binti Nyegezi · Jumatano, saa 7:02 mchana

Hii ndiyo ndefu kuliko zote:

"Ni muhimu kutambua kwamba katika miaka ya tisini nchi ambazo zinazunguka ziwa hili zilifanya zoezi la kuwaachia wadudu aina ya mbawakavu ambao wanakula magugu maji, na wadudu hao inaelezwa kwamba walichangia kwa kiasi fulani katika kupungua kwa magugu hayo kuelekea mwisho wa muongo huo."

Maneno 44.

Kamanga Feri · Jumatano, saa 7:09 mchana

"Miaka ya 1990 nchi za ziwa ziliwaachia mbawakavu waliomaliza magugu maji."

Maneno 11. Nimeokoa 33 kwa sentensi moja. Fanya hivyo mara ishirini hata aya huhitaji kukata.

Dagaa Kauzu · Jumatano, saa 7:15 mchana

Ndicho nilichokuwa nakiogopa!

Mbawakavu hawakumaliza kitu. Kama wangemaliza, binti asingekuwa na insha. Magugu yalipungua sana mwishoni mwa miaka ya 1990, na hapo ndipo wataalamu wenyewe hawakubaliani. Wapo wanaowapa wadudu sifa kubwa. Wapo wanaosema mvua za El Nino za 1997 na 1998, na kina cha ziwa kilivyopanda, na mawimbi, na mawingu ya kipindi kile, ndivyo vilivyoyavuruga, wadudu wakamalizia. Baadaye magugu yalirudi. "Walichangia" na "waliomaliza" ni mambo mawili tofauti kabisa, na mkufunzi aliyesoma hata makala moja ya ziwa hili atalikamata hilo.

Bi Pasiansi · Jumatano, saa 8:20 mchana

Asante Dagaa. Na hii ndiyo hatari ya upande wa sentensi, kama ambavyo "mto uliotajwa hapo juu" ni hatari ya upande wa aya. Aya ikikatwa vibaya, tundu linaonekana. Sentensi ikibanwa vibaya haionekani. Inasomeka laini kabisa, ila inasema kitu kingine. Maneno madogo kama "huenda", "inaelezwa", "baadhi ya", "walichangia" yanaonekana kama mafuta na ndiyo ya kwanza kuondolewa, kumbe ndiyo yanayobeba kiasi cha unachokidai.

Mimi ningeandika hivi:

"Katika miaka ya 1990 nchi zinazozunguka ziwa ziliwaachia mbawakavu wanaokula magugu maji, nao wanaelezwa kuchangia kupungua kwake mwishoni mwa muongo huo."

Maneno 21. Angalia kilichoondoka. "Ni muhimu kutambua kwamba" haina kazi. "Zilifanya zoezi la kuwaachia" imekuwa "ziliwaachia". "Ambazo zinazunguka" na "ambao wanakula" zimekuwa neno moja moja, Kamanga alisema kweli hapo. "Wadudu aina ya" imeondoka kwa sababu mbawakavu ni mdudu. "Kwa kiasi fulani" imeondoka kwa sababu "kuchangia" tayari inasema si yote. Lakini "wanaelezwa" imebaki.

Nikishabana, sentensi mpya naiweka kando ya ile ya zamani na kujiuliza: mtu akiamini hii mpya, ataamini jambo lolote ambalo ile ya zamani haikumwambia? Ya Kamanga, ndiyo. Ataamini magugu yaliisha.

Kamanga Feri · Jumatano, saa 8:34 mchana

Sawa mwalimu, maneno 11 yalikuwa ya haraka. Lakini "amba" nimepata alama.

Bi Pasiansi · Jumatano, saa 8:51 mchana

Umepata, ila nayo ina mpaka. "Wavuvi ambao wamehama" huwezi kuibana na kubaki na "me" yake, inakuwa "waliohama", na mara nyingi inatosha. Kwenye ukanushi ndipo inapouma. "Wavuvi ambao hawakupata mafunzo waliacha kung'oa" ukiifanya "wavuvi wasiopata mafunzo waliacha kung'oa", wakati umefutika, haijulikani kama hawakupata siku ile au hawapati siku zote. Hapo mwachie "amba" wake, neno moja si la kuliua jambo.

Na dalili ya kwamba umebana kupita kiasi ni hii, "wa" na "ya" zinaanza kufuatana: "ugumu wa udhibiti wa uenezi wa magugu ya mwambao wa kusini wa ziwa". Maneno ni machache lakini msomaji anarudi nyuma mara mbili. Fungua kitenzi kimoja hapo, hata kama kinakugharimu maneno mawili.

Ukerewe Moja · Jumatano, saa 12:40 jioni

Samahani nimechelewa. Kwetu chuoni mkufunzi alikuwa anaruhusu asilimia 10 juu. 1,500 maana yake 1,650. Kwa hiyo kwenye 1,655 yalibaki maneno matano tu ya kubana, mnahangaika na nini?

Binti Nyegezi · Jumatano, saa 12:52 jioni

Kwetu hiyo asilimia 10 haipo kwenye karatasi ya maelekezo, nimeangalia tena. Kasema 1,500.

Bi Pasiansi · Jumatano, saa 1:15 usiku

Vipo vyuo vinavyoruhusu na vipo visivyoruhusu, na ndani ya chuo kimoja mkufunzi na mkufunzi. Kama haijaandikwa, hesabu kwamba haipo. Kwa mkufunzi anayeweka kalamu chini ni hatari zaidi, maana yale maneno 155 ya mwisho ndiyo hitimisho zima la binti huyu na ziada.

Binti Nyegezi · Alhamisi, saa 3:48 usiku

Wakuu, ripoti.

Aya ya 2 na ya 6 zimeondoka. Mwalimu alisema kweli, aya ya 3 ilianza na "mto huu", na kule kwenye wadudu nilikuwa naandika LVEMP bila kusema ni mradi gani, kwa sababu ufafanuzi wake ulikuwa kwenye aya ya wavuvi. Nimevirekebisha. Aya ya 5 imekuwa sentensi mbili ndani ya utangulizi. Ya 7 na ya 8 nimeziunganisha, na kweli sababu ya vipande kuota tena nilikuwa nimeiandika mara mbili, karibu kwa maneno yaleyale. Imebaki 264. Ya rutuba nimeiongeza mpaka 255, nimeweka mbolea ya mashambani na maji machafu ya mijini, na jinsi ghuba zilizotulia zinavyokaa na rutuba hiyo muda mrefu kuliko maji ya wazi.

Kubana nilianza leo jioni, haikufika hata saa mbili. Nilishangaa, kwa sababu Jumanne saa nzima ilinipa 31. Leo nilikuwa najua kila aya inafanya nini, kwa hiyo nilikuwa najua sentensi ipi ni ya kazi.

Nimefika 1,493.

Halafu nilisoma sentensi ya kwanza tu ya kila aya, moja baada ya nyingine, kuona kama jibu linaenda. Linaenda mpaka kwenye wadudu, halafu kutoka wadudu kwenda rutuba linaruka. Nimebakiwa na maneno 7 ya kujenga daraja.

Kamanga Feri · Alhamisi, saa 3:55 usiku

"Hata wadudu hawakuweza kuizuia rutuba inayoyalisha magugu." Maneno 7 hayo!

Dagaa Kauzu · Alhamisi, saa 4:01 usiku

Wadudu hawazuii rutuba, kaka. Wanakula majani. Sema "Wadudu hula majani, rutuba huyarudisha magugu upya." Ni 7 pia.

Bi Pasiansi · Alhamisi, saa 4:20 usiku

Ya Dagaa iko sawa kwa jambo lenyewe. Ila binti, usiongeze. Ibadilishe sentensi ya kwanza ya aya ya rutuba iseme hivyo, utabaki na akiba ya maneno kadhaa. Na kabla hujafunga, ukiingia Word Count angalia kile kisanduku cha "Include textboxes, footnotes and endnotes". Kikiwa na alama, tanbihi zinahesabiwa. Mkufunzi kasema marejeo ya mwisho hayahesabiwi, hakusema tanbihi. Una tanbihi?

Binti Nyegezi · Alhamisi, saa 4:24 usiku

Ninazo nne. Kisanduku hakina alama. Nikikiweka inakuwa 1,561 😭

Ukerewe Moja · Alhamisi, saa 4:27 usiku

Kwetu tanbihi hazikuhesabiwa.

Bi Pasiansi · Alhamisi, saa 4:33 usiku

Mtumie mkufunzi ujumbe asubuhi na mapema, umuulize hilo tu. Usingoje jibu mikono mitupu, fungua tanbihi hizo sasa hivi. Mbili katika nne zitakuwa na maelezo ambayo ama ni ya kwenye aya, ama hayahitajiki. Zibandike hapa tuzione.

Binti Nyegezi · Alhamisi, saa 4:41 usiku

Ya kwanza ina maneno 38 na inamhusu Speke.

Kamanga Feri · Alhamisi, saa 4:42 usiku

😂😂 Mzee kang'ang'ania kweli huyo. Mtoe.